UZI: Picha ya "askari wa Majimaji, Morogoro 1905" ilitoka wapi? Tuifuatilie hadi kwenye hifadhi yenyewe

Ngwilizi
Wakuu, habari zenu.

Kuna picha ambayo wengi mmeiona, maana hurudi mitandaoni kila zinapofika kumbukumbu za Majimaji. Askari wa Mjerumani wamejipanga mstari mmoja kando ya reli. Nyuma yao lipo behewa na jengo dogo la stesheni, na mbele wapagazi wameketi chini na mizigo yao. Maelezo yanayoambatana nayo ni "Askari wakielekea kuzima Majimaji, Morogoro, 1905".

Naandaa kijitabu cha historia kwa ajili ya wanafunzi na ningependa kuitumia, ila sitaki kuandika "chanzo: mtandaoni". Nataka jina la mpiga picha, hifadhi inakotunzwa na namba yake ya kumbukumbu. Nimeandika "Maji Maji" na "Majimaji" kwenye katalogi ya hifadhi ya taifa ya Uingereza na ya Ujerumani, hata picha inayofanana nayo sikuiona. Mwenye uzoefu anielekeze pa kuanzia.

Msakatonge
Mkuu, usijisumbue na katalogi. Ipakie kwenye injini ya kutafuta kwa picha, itakuletea kila mahali ilipowahi kuwekwa, mchezo umekwisha.

Halafu hiyo tarehe ni uongo wa wazi. Mwaka 1905 nchi hii haikuwa na treni. Reli ilikuja baadaye.

Bint Mwambao
Msakatonge, hapo kwenye reli umepatia nusu. Reli ya kati ndiyo iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Lakini reli ya Tanga ilishaanza kujengwa tangu 1893. Ilifika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Kwa hiyo treni na askari mwaka 1905 vinaweza kabisa kukaa kwenye picha moja, ila si Morogoro.

Ngwilizi, kabla ya kwenda mbali, maelezo uliyopewa yanabeba madai matatu: tukio, mahali na mwaka. Mahali na mwaka haviwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ama ni Morogoro na ni 1907 au baada yake, ama ni 1905 na ni reli ya Tanga, na huko hakukuwa na vita vya Majimaji.

Kabrasha
Bint Mwambao ameanza vizuri. Nimefanya kazi na makusanyo ya picha kwa muda mrefu, naomba niongeze sababu iliyokufanya usipate kitu.

Ndugu Ngwilizi, ulitafuta kwa neno ambalo aliyeandika maelezo ya picha hiyo huenda hakuwahi kulitumia. Maelezo yaliyo kwenye katalogi yaliandikwa na mpiga picha mwenyewe, au na aliyekusanya, au na mtunza kumbukumbu miongo mingi baadaye. Wote hao waliandika kile walichokiona muhimu kwao. Kwa Mjerumani wa wakati ule hiyo ilikuwa "Askari", au "Träger" yaani wapagazi, au "Bahnhof" yaani stesheni. Jina la vita vyetu limebandikwa na mtu wa mtandaoni. Ukitafuta kwa neno lililobandikwa jana, katalogi haina cha kukujibu.

Na majina ya mahali nayo yaandike kama walivyoyaandika wao. Dar es Salaam ni "Daressalam", Bagamoyo ni "Bagamojo", Mwanza ni "Muansa", Kilosa ni "Kilossa", Zanzibar ni "Sansibar". Miji mingine ilikuwa na majina tofauti kabisa: Lushoto ni "Wilhelmstal", Tukuyu ni "Neu-Langenburg", Kasanga ni "Bismarckburg". Anayetafuta picha ya zamani ya Tukuyu kwa jina la Tukuyu atasema hakuna, kumbe zipo.

Ushauri wa kutafuta kwa picha ni mzuri kama hatua ya kwanza, ila usitazame matokeo ya juu. Tafuta nakala ambayo haijakatwa kingo, hasa chini. Nakala za Hifadhi ya Shirikisho ya Ujerumani, yaani Bundesarchiv, zilizowekwa Wikimedia Commons mara nyingi zina ukanda mwembamba chini ya picha wenye maandishi: jina la hifadhi, namba ya picha, mpiga picha na mwaka. Watu huukata ukanda huo ndipo huisambaza. Ukiupata, umepata karibu kila kitu.

Ngwilizi
Asante sana mzee Kabrasha. Nimerudi kwenye matokeo na kufungua yale ya nyuma kabisa ambayo kwa kawaida mtu hafiki. Nakala moja kwenye blogu ya Kijerumani ina sehemu ya ukanda huo. Upande wa kushoto umekatwa, lakini kulia panasomeka "Foto: Dobbertin, Walther" na "1906/1918".

Sasa nichukue 1906 au 1918?

Kabrasha
Usichukue yoyote bado. Kwanza furahi, maana jina la mpiga picha ndilo ufunguo wenyewe.

Walther Dobbertin alikuwa mpiga picha Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kazi zake zimekusanywa kwenye fungu lake peke yake huko Bundesarchiv, linaloitwa Bild 105. Namba za picha zake huandikwa 105, kistari, herufi DOA, kisha tarakimu. DOA ni Deutsch-Ostafrika. Maana yake huhitaji tena kupekua hifadhi nzima. Unapekua fungu moja la mtu mmoja.

Kuhusu mwaka: fungua picha nyingine kadhaa za fungu hilo. Utaona "1906/1918" ileile imerudiwa kwenye Wamasai, kwenye bandari, kwenye soko, kwenye mashamba. Mwaka unaofanana kwenye picha zisizohusiana si tarehe ya picha. Ni mipaka ya mkusanyiko mzima, aliyeorodhesha ameibandika kila mahali ambapo hakuwa na kingine cha kuandika. Inakuambia picha haiko nje ya miaka hiyo, basi. Mahali penye tarehe finyu zaidi, kwa mfano "1914/1918", hapo kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuibana, na sababu hiyo inafaa kutafutwa.

Ingia Commons, kwenye kisanduku cha kutafutia andika hivi, halafu badilisha neno la mwisho:

```
intitle:"Bild 105" Bahnhof
intitle:"Bild 105" Askari
intitle:"Bild 105" Träger
```

Kisha rudia kwenye tovuti ya picha ya Bundesarchiv yenyewe, bild.bundesarchiv.de, kwa jina la Dobbertin. Usiishie Commons. Mwaka 2008 Bundesarchiv waliweka huko zaidi ya picha 80,000, lakini hizo ni sehemu tu ya walizonazo.

Msakatonge
Mzee, mbona namba zao nyingine zina mwaka ndani yake kabisa? Nimewahi kuona "Bild 146-1976" kisha tarakimu nyingine. Si angesoma tu mwaka kwenye namba?

Kabrasha
Swali zuri, na linawanasa wengi. Bild 146 ni mkusanyiko wa negativu za nakala, yaani picha zilizopigwa upya kutoka kwenye picha nyingine. Huo 1976 unahusu kuingizwa kwenye mkusanyiko, hauhusu siku aliposimama mpiga picha. Ndani ya Bild 146 kuna picha nyingi za vita vya pili vya dunia zenye 1976 au 1978 kwenye namba.

Na kwa kuwa ni nakala za nakala, mara nyingi sehemu ya mpiga picha utakuta "o.Ang.", maana yake haikutajwa. Hapo ni pagumu zaidi kuliko kwa Ngwilizi, maana umeshapoteza jina.

Shaurimoyo
Samahani kuingilia. Nyumbani kwetu kuna postikadi ya Unguja ya zamani, mbele ina picha ya mtaa na imechapwa "A. C. Gomes & Co., Zanzibar". Ndiyo kusema Gomes alikuwa mpiga picha na nikiandika jina lake kwenye hifadhi ya Uingereza nitaipata?

Bint Mwambao
Shaurimoyo, hilo ni jina la studio. Gomes walikuwa na studio maarufu Unguja, kama walivyokuwa Coutinho Brothers. Studio ya namna hiyo ilikuwa na zaidi ya mtu mmoja aliyeshika kamera, na jina linalochapwa kwenye postikadi ni la aliyeuza. Andika "studio ya Gomes", usiandike "ilipigwa na Gomes", mpaka upate ushahidi zaidi.

Kwa Uingereza, picha za Wizara ya Makoloni ziko kwenye mfululizo unaoitwa CO 1069. Ila katalogi yao, Discovery, kwa sehemu kubwa inaeleza albamu au jalada zima, haielezi kila picha moja moja. Jina la studio lililogongwa nyuma ya picha iliyo katikati ya albamu linaweza lisionekane kabisa kwenye utafutaji. Kwa hiyo tafuta "Zanzibar" ndani ya CO 1069, kisha pitia albamu kwa macho. Nyingi zilipandishwa Flickr mwaka 2011 kwa jina la Africa Through a Lens, unaweza kuzipitia bila kusafiri.

Kwa studio za mwambao wetu hasa, mimi hupendelea mkusanyiko wa Winterton ulio Chuo Kikuu cha Northwestern. Si hifadhi ya taifa, lakini una zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na waliouorodhesha walijali majina ya studio.

Shaurimoyo
Nimekuelewa dada, ahsante. Nitaigeuza nione kama nyuma kuna mhuri wowote.

Bint Mwambao
Itazame na tarehe ya stempu ya posta, kama ilitumwa. Haitakuambia picha ilipigwa lini, lakini itakuambia ilikuwepo kabla ya siku ile. Mpaka wa juu ulio wa hakika una thamani kuliko makisio.

Ngwilizi
Wakuu, nimeipata.

Kwa "Bahnhof" haikutokea. Kwa "Träger" haikutokea pia. Ilikuja kwa "Askari", baada ya kupitia ukurasa mmoja baada ya mwingine, na ni ileile: wapagazi walewale, behewa lilelile. Ina namba kamili ya Bild 105. Maelezo ya Bundesarchiv ni mafupi mno: Deutsch-Ostafrika, Askari. Hakuna Majimaji, hakuna Morogoro, hakuna 1905. Hayo yote matatu yameongezwa na watu.

Kitu kingine. Nakala ya Commons ni pana kuliko ile inayosambaa. Ile ya mitandaoni imekatwa kushoto. Kwenye pana, ukutani mwa jengo kuna kibao cha stesheni, kimeingia nusu. Naona herufi nne za mwisho, mbili za katikati ni S. Mimi nasoma "OSSA".

Msakatonge
Kilossa!

Kabrasha
Taratibu kidogo, ingawa na mimi moyo umenidunda.

Kama ni Kilossa, basi tumefika mbali. Reli ilipita Morogoro mwaka 1907 ndipo ikaendelea kwenda magharibi, kwa hiyo treni Kilosa haiwezi kuwa kabla ya 1907. Na Waingereza waliiteka Kilosa Agosti 1916, kwa hiyo askari wa Mjerumani waliopanga mstari kwa utulivu stesheni pale hawawezi kuwa baada ya hapo. Ile "1906/1918" ingebanwa kutoka pande zote mbili, na Majimaji ya 1905 ingetoka kabisa. Hata mwisho wa vita vile mwaka 1907 ungekuwa nje, au kwenye ukingo tu.

Ila hayo yote yamening'inia kwenye herufi nne. Picha nyingi za Bundesarchiv kule Commons zina pikseli 800 tu upande mrefu. Kwa ukubwa huo kibao kama hicho ni vidoti vichache, na jicho linalotaka kuona Kilossa litaiona Kilossa. Ukikuta mahali pengine nakala kubwa zaidi ya hiyo, uliza kwanza imetoka wapi. Mara nyingi mtu ameinyoosha tu, na herufi zilizonyooshwa hazina habari mpya ndani yake.

Unachohitaji ni skani mpya kutoka kwenye chanzo. Waandikie Koblenz, ndiko kitengo chao cha picha kilipo. Taja namba kamili, eleza kwamba ni ya matumizi ya elimu, na uulize maswali mawili: kama kuna skani kubwa zaidi, na kama nyuma ya picha au kwenye bahasha ya negativu kuna maandishi ambayo hayakuingizwa kwenye katalogi. Hilo la pili watu husahau kuuliza, nalo ndilo hutoa majibu.

Bint Mwambao
Naongeza njia moja wakati unasubiri. Tazama picha zenye namba zilizo jirani, kabla na baada ya yako. Kama jirani wana stesheni ileile, au behewa lilelile, au wapagazi walewale, unaweza kupata kibao kizima kwenye mojawapo.

Kabrasha
Nakubali, kwa sharti moja. Ujirani wa namba ni ushahidi wa mkono wa aliyepanga. Kama alipanga kwa safari, jirani ni wa siku ileile. Kama alipanga kwa mada, askari wote wamewekwa pamoja hata kama wamepishana miaka kumi. Kwa hiyo angalia jirani wote ni wa namna gani. Ukiona askari, askari, askari, wa mahali tofauti na mavazi tofauti, umejua ni mada, na ujirani hausemi kitu kuhusu tarehe.

Ngwilizi
Nimeangalia. Jirani wote ni askari: mazoezi, gwaride, bunduki ya mtombo, kambi. Hakuna reli nyingine. Kwa maneno yako ni mada, kwa hiyo hapo sina cha kushika.

Ila limenitokea jingine. Nimekuta sura ya jengo linalofanana kwenye picha ya hifadhi ya Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, ile iliyo maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Paa na milango vinafanana. Maelezo yao yanasema tu ni stesheni ya reli ya kati, hayataji mji.

Kabrasha
Hongera kwa kufika Frankfurt, wengi huishia Bundesarchiv. Ule mkusanyiko una picha zipatazo 55,000 na ulikuwa wa jumuiya iliyoeneza ukoloni, kwa hiyo maelezo yake yanaeleza kile ambacho wasikilizaji wa mihadhara kule Ujerumani walitakiwa waone.

Lakini jengo lisikuhadae. Mjenzi mmoja wa reli hutumia ramani moja kwa stesheni nyingi. Paa na milango kufanana kunakupa reli ya kati, hakukupi Kilosa. Hata hivyo reli ya kati si haba. Inafuta ile njia ya pili ya Bint Mwambao, ya Tanga mwaka 1905.

Bint Mwambao
Inaidhoofisha, mzee. Kuifuta bado, mpaka tujue stesheni za reli ya Tanga zilifanana vipi. Reli zote mbili zilikuwa za mita moja, hata behewa halitatusaidia kuzitenganisha.

Kabrasha
Sawa, nimeichukua. Inaidhoofisha.

Mwanandege
Mimi nina swali jingine. Kwenye picha hiyo kuna watu zaidi ya kumi. Hivi hakuna namna ya kujua majina yao? Babu wa mama yangu alikuwa askari wa Mjerumani na familia husema alipita Kilosa.

Kabrasha
Pole ndugu Mwanandege, hili huniuma kila mara. Katika fungu hili mara nyingi Mwafrika huandikwa kwa kazi yake au kabila lake: Askari, Träger, Massaikrieger. Hakuna utafutaji wa picha utakaokupa jina ambalo halikuandikwa.

Majina, kama yapo, yako kwenye maandishi. Kuna majalada ya serikali ya Mjerumani yaliyobaki Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa, yale yenye herufi G mwanzoni mwa namba, na kuna ya ofisi ya makoloni ya Berlin, R 1001, yaliyo Bundesarchiv. Huko unatafuta mtu kwa kikosi na mji, hutafuti uso. Hata ukilipata jina la babu kwenye orodha ya kikosi kilichokaa Kilosa, bado hutaweza kusema yule wa tatu kutoka kushoto ni yeye.

Mwanandege
Nashukuru. Nitaanza na hizo za G, ziko karibu nami. Kikosi chake mama anakikumbuka kwa namba, nitamuuliza tena.

Msakatonge
Ngwilizi, kijitabu kitaandikwa nini sasa chini ya picha? Maana Koblenz wanaweza kuchelewa.

Ngwilizi
Nimeandika rasimu, naomba muikosoe:

"Askari na wapagazi kwenye stesheni ya reli, yaelekea reli ya kati, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Picha: Walther Dobbertin. Bundesarchiv, Bild 105 [namba kamili]. Tarehe ya hifadhi: 1906/1918. Picha hii husambazwa kama ya Majimaji, Morogoro 1905; maelezo ya hifadhi hayataji vita hivyo."

Bint Mwambao
Nzuri. Weka na leseni: zile za Bundesarchiv zilizo Commons nyingi ni CC-BY-SA 3.0 ya Ujerumani, na wanataka jina la hifadhi, namba na mpiga picha vionekane. Soma ukurasa wa picha yako kwanza, usikisie kwa jirani. Na kama umeikata kingo, sema umeikata.

Kabrasha
Mimi ningeondoa "yaelekea reli ya kati" mpaka tupate skani. Ushahidi wako ni paa na milango.

Ngwilizi
Mzee, hapo naomba tutofautiane. Paa na milango, pamoja na zile S mbili, kwangu zinatosha kwa neno "yaelekea". Nisipoliandika, mwalimu atawaambia wanafunzi ni Morogoro kwa sababu ndicho alichosoma mtandaoni.

Kabrasha
Basi andika na sababu yako kwenye kijitabu, mstari mmoja tu, ili mwingine aweze kuipinga akiwa na ushahidi. Nikiona hivyo sitakuwa na neno.

Ngwilizi
Nitaiandika. Barua pepe ya Koblenz nimeituma asubuhi hii nikiwa na namba na maswali yote mawili, la skani na la maandishi ya nyuma. Kama kuna mtu humu anayo picha yoyote ya stesheni ya zamani ya Kilosa, hata ya miaka ya Mwingereza, aiweke hapa tulinganishe ukuta wenye kibao. Naomba isiwe imekatwa kingo.

Shaurimoyo
Mjomba wangu alifanya kazi reli, ana albamu. Sijui kama Kilosa imo, nitampigia jioni.